Alichokiacha Baba Neema Bila Kusema

Katika harusi nyingi za Kikristo, kuanzia Mbeya hadi Mombasa, sura ya 13 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho husomwa mbele ya bwana na bibi harusi, na wengine huichapisha kwenye kadi za mwaliko. Ndiyo maana kamati ya ndoa ya parokia au kikundi cha vijana kinapoamua kutengeneza video fupi kuhusu uvumilivu katika ndoa, andiko la kwanza kukimbiliwa ni hilo. Chaguo ni zuri. Matatizo huanza kalamu inaposhikwa: mume anafoka, mke analia, mke anafungua Biblia, mume anaingia amebadilika, kinanda kinapigwa, video imeisha. Mtu aliyeishi kwenye ndoa miaka kumi na miwili huitazama mpaka mwisho kwa heshima tu, kwa sababu hakuna kitu ndani yake kinachofanana na nyumbani kwake.

Muswada wa video ya dakika mbili unaweza kufanya kazi bora zaidi ya hiyo. Inabidi tu mwandishi aanze na barua yenyewe kabla ya kuanza na waigizaji.

Paulo aliiandika barua ile akiwa Efeso, yapata mwaka 55, kwa kanisa alilolianzisha mwenyewe. Matendo ya Mitume sura ya 18 inasimulia kwamba alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita, akiishi na kufanya kazi ya kushona mahema pamoja na Akila na mkewe Priskila, wanandoa waliohamia pale baada ya Kaisari Klaudio kuwafukuza Wayahudi mjini Rumi. Alipoondoka, kanisa liliingia kwenye magomvi. Watu wa nyumbani kwa Kloe walimpelekea habari kwamba waumini wamegawanyika, na barua yenyewe inaonyesha kwamba wengine walikuwa wakishtakiana mahakamani, na hata kwenye chakula cha Bwana walikuwepo walioshiba huku wenzao wakibaki na njaa. Sura ya 13 imekaa katikati ya sura mbili zinazohusu mashindano ya karama, nani ana kipawa kikubwa kuliko mwenzake. Haikuandikwa kwa ajili ya harusi. Iliandikwa kwa watu waliojuana vizuri, waliochokana, na ambao kila mmoja alikuwa na orodha ya makosa ya mwenzake.

Kwa hiyo wanandoa hawaliazimi andiko hili bila haki. Hali ya Korintho inafanana na ndoa ya mwaka wa kumi kuliko inavyofanana na siku ya harusi, na mwandishi wa muswada akilishika hilo ameshapata nusu ya kazi.

Nusu nyingine imo katika mstari wa 4 na wa 5. Paulo hatoi maelezo ya upendo ni nini. Anataja mambo ambayo upendo unayafanya na ambayo hauyafanyi, na hayo ni matendo ambayo mwigizaji anaweza kuyatenda mbele ya kamera. Uvumilivu unatajwa kwanza kabisa. Mwishoni mwa mstari wa 5 linakuja jambo ambalo kila mwenye duka atalielewa mara moja: upendo hauweki hesabu ya mabaya uliyotendewa. Jambo la kwanza na hilo la mwisho yakisomwa pamoja, uvumilivu unapata umbo. Mtu anayo hesabu kichwani, nafasi ya kuisoma kwa sauti imefika, na haisomi.

Hapa ndipo penye ugumu wa kazi hii. Tendo la kutosema halionekani kwenye skrini. Mtu aliyenyamaza kwa uvumilivu na mtu aliyenyamaza kwa sababu hana la kusema wana sura ileile. Mtazamaji hawezi kuuona uvumilivu mpaka ajue ni kitu gani kimeachwa bila kusemwa, na hicho lazima akisikie mapema, kwa maneno ya wazi, kutoka kwa mhusika mwenyewe. Matukio mawili mafupi yanatosha kwa kazi hiyo: la kwanza linapakia mzigo, la pili linauacha chini.

Muswada ufuatao umeandikwa kwa ajili ya makala haya. Wahusika ni mume na mke wenye duka la rejareja katika mji wa Tanzania, na kama ilivyo desturi wanaitana kwa jina la mtoto. Katika tukio la kwanza ni saa tatu na nusu usiku. Mama Neema amekaa mezani anafunga hesabu, daftari la madeni liko wazi mbele yake. Baba Neema anaingia mikono mitupu.

MAMA NEEMA (bila kuinua macho): Mtungi wa gesi uko wapi?

BABA NEEMA: Nimesahau, mama Neema. Kazi zilinizidi leo.

MAMA NEEMA: Jumamosi ulisahau dawa ya mtoto. Mwezi uliopita ada. Siku ya msiba wa mjomba ukaniacha stendi mpaka giza likaingia.

BABA NEEMA: Na wewe je? Zile hela za matibabu ya mama yangu, ulizozitoa kwenye droo bila kuniambia, tumeshazimaliza?

Mama Neema anafunga daftari. Kamera inabaki kwenye jalada lake. Hakuna anayejibu.

Tukio hilo linachukua sekunde 40 na halina mshindi. Mke ana kumbukumbu tatu, mume ana moja, lakini ile moja ya mume ni nzito kuliko zote tatu. Hilo limefanywa makusudi. Kosa linalorudiwa sana katika video za namna hii ni kumpa upande mmoja makosa yote na upande wa pili subira yote, na mara nyingi mwenye kupewa subira ni mke. Paulo mwenyewe hakugawa hivyo. Katika sura ya 7 ya barua hiyohiyo, anapozungumzia ndoa moja kwa moja, anataja wajibu wa mume kwa mke, kisha wa mke kwa mume, kwa kipimo kilekile. Mwandishi anayetaka kuhakikisha hajapotoka abadilishane wahusika: maneno yote ya mke ampe mume, ya mume ampe mke, kisha asome upya. Kama muswada unageuka kichekesho au unakera ghafla, mizani ilikuwa imelala upande mmoja tangu mwanzo.

Jambo jingine katika tukio hilo ni ukubwa wa makosa. Gesi, dawa, ada, kusubirishwa stendi, hela zilizotoka bila taarifa: haya yanauma, lakini ni ya kiwango ambacho watu wawili wanaweza kukaa wakayazungumza. Mwandishi akiweka ulevi wa kila siku, kipigo au mume mwenye nyumba ndogo, amelihamisha andiko mahali pengine, na dakika mbili hazitamtosha kulirudisha.

Baada ya tukio la kwanza skrini inakuwa nyeusi, na msomaji anasoma mstari wa 4 na wa 5 yote miwili, taratibu, kwa sekunde 15 hivi. Rejea inaandikwa chini: 1 Wakorintho 13:4-5. Maneno yasomwe kama yalivyochapishwa katika tafsiri moja, iwe ile ya Union Version ya mwaka 1952 ambayo wengi wameikariri tangu utotoni, au Habari Njema yenye lugha nyepesi kwa vijana. Kuchanganya tafsiri mbili ili sentensi ipendeze kunamfanya msikilizaji aliyeshika Biblia yake mkononi aache kuamini mengine yote. Na mwandishi asiongeze neno la kwake ndani ya usomaji, hata neno dogo la kuunganisha. Yake atayasema kwenye tafakari.

Kuliweka andiko katikati, baada ya ugomvi na kabla ya tukio la pili, kunasaidia kuliko kuliweka mwanzoni. Likisomwa mwanzo, watazamaji hulipokea kama ufunguzi wa ibada na wengine hupitisha kidole kutafuta video nyingine. Likija baada ya daftari kufungwa, maneno yanayohusu kuhesabu mabaya yanatua juu ya picha ambayo bado iko machoni.

Tukio la pili ni siku nyingine, mchana, dukani. Sekunde 45.

Baba Neema anaingia na mtungi wa gesi begani, anautua. Ni wa kilo 6. Mama Neema anautazama, anavuta pumzi.

MAMA NEEMA: Utatufikisha Ijumaa.

Baba Neema anafungua droo ya mauzo, anahesabu noti. Anahesabu tena. Anamtazama mkewe.

BABA NEEMA: Mama Neema, droo imepungua elfu thelathini.

MAMA NEEMA: Nilimpa mdogo wangu nauli ya kwenda hospitali. Nilitaka kukwambia usiku ule. Nikaogopa.

Baba Neema anafungua mdomo. Kamera inamkaa usoni sekunde tatu. Anaufunga. Anavuta daftari.

BABA NEEMA: Tuiandike kama mkopo. Na siku nyingine tuambiane kwanza, tusije tukakwama kununua mzigo.

MAMA NEEMA: Sawa, baba Neema. Niandike mimi.

Zile sekunde tatu ndizo video nzima. Mtazamaji aliyesikia habari za hela za matibabu katika tukio la kwanza anajua hasa kinachotaka kutoka mdomoni mwa Baba Neema. Kosa ni lilelile: fedha zimetoka kwenye droo ileile, kimyakimya, kwa ajili ya ndugu. Kila mtu aliyewahi kugombana nyumbani anasubiri neno “tena”, na halitokei. Mama Neema naye amekwisha kufanya la kwake kabla ya hapo, kwa haraka zaidi. Alitarajia mtungi wa kilo 15, umekuja wa kilo 6, na badala ya kurudia dawa, ada na stendi akasema utawafikisha Ijumaa. Wake ni mdogo kwa sababu kosa lenyewe ni dogo, lakini unamwandaa mtazamaji kuutambua wa mumewe.

Baba Neema hakunyamaza kabisa, na hilo lina uzito. Alitaja kiasi kilichopungua, akapendekeza njia ya kukiandika, akasema wazi anachotaka siku nyingine. Uvumilivu wa andiko hili hauzuii jambo la leo kusemwa. Unazuia la mwezi uliopita lisiburutwe mpaka leo. Muswada ambao mume anasema “basi, yaishe” na kutabasamu ungekuwa mtamu zaidi kuutazama, lakini elfu thelathini zingebaki bila maelezo, na miezi miwili baadaye zingekuwa kumbukumbu nyingine katika orodha. Daftari la duka liendelee kuandikwa. Lile la ndani ya moyo ndilo andiko linaloligusa.

Sekunde tatu za kimya zinaonekana fupi kwenye karatasi. Mbele ya kamera ni ndefu mno, na mwigizaji asiye na uzoefu atatafuta kuzijaza: atatikisa kichwa, atakuna shingo, atatazama juu kama anayeomba. Mwongozaji amwambie akariri kimoyomoyo sentensi anayoizuia, kwa mfano “ulifanya hivihivi kwa hela za mama”, na asitoe sauti. Uso wenyewe utafanya kazi. Muziki usiwekwe hapo. Kinanda cha huzuni kinamwambia mtazamaji ajisikie vipi kabla hajaelewa kinachoendelea, na sauti za kawaida za duka, bodaboda ikipita nje, mteja akiita “hodi hapa”, zinaufanya ukimya usikike kuwa ukimya.

Kwa upande wa mtambo, simu moja ya kawaida inatosha. Ishikwe wima, kwa sababu watu wataitazama video hii kwenye simu, na nyuso ziwekwe sehemu ya juu na ya katikati, maana chini hufunikwa na maandishi na vitufe vya mitandao. Sauti ndiyo huharibu video nyingi za makanisani. Simu iliyo mita tatu kutoka kwa mwigizaji hunasa feni na mwangwi wa bati kuliko maneno. Simu ya pili ikiwekwa mezani nyuma ya daftari, karibu na wasemaji, irekodi sauti peke yake, kisha iunganishwe na picha wakati wa kuhariri, tatizo kubwa limeondoka. Maandishi ya mazungumzo yawekwe kwenye skrini, kwani wengi hufungua video wakiwa ndani ya daladala au kazini na sauti wameizima.

Inabaki tafakari ya kufunga, na hapo ndipo waandishi wengi huongeza dakika tatu zisizohitajika. Msemaji akisoma kwa utulivu hutamka maneno kama 100 hadi 120 kwa dakika. Tafakari ya sekunde 35 ina nafasi ya maneno 60 hivi, na hayo ni machache kuliko yanavyodhaniwa. Hayatoshi kueleza matukio upya, na hayapaswi kueleza. Yanatosha kwa mambo matatu: andiko lilitoka wapi, wahusika walifanya nini hasa, na mpaka wake uko wapi. Muswada huu unafunga hivi, msemaji akiwa amekaa, akitazama kamera:

“Kanisa la Korintho lilikuwa na ugomvi, na Paulo akawaandikia watu waliokuwa wamechokana. Baba Neema hakusahau zile hela za mama yake. Alizikumbuka, akaziacha zilipo, akashughulika na jambo la leo. Wiki hii, mkiwa na la kuzungumza, lizungumzeni hilo moja. Lakini kama nyumbani kwako kuna kipigo au vitisho, Paulo hakukuambia unyamaze. Tafuta mahali salama, mwambie mtu unayemwamini, nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia.”

Sentensi mbili za mwisho zinaweza kuleta mabishano kwenye kamati. Atakuwepo atakayesema zinaharibu ujumbe, kwamba video inahusu uvumilivu na si mambo ya polisi. Zibaki. Video ikishatumwa kwenye makundi ya WhatsApp haichagui nani aitazame, na miongoni mwa watakaoitazama wamo wanawake, na wanaume pia, wanaopigwa na walioambiwa wavumilie kwa kutumia andiko hilihili. Barua yenyewe inaiunga mkono kamati itakayoziacha. Katika sura ya 5, kurasa chache tu kabla ya maneno yale kuhusu upendo, Paulo analikemea kanisa kwa kumwachia mtu aliyekuwa akiishi na mke wa baba yake. Hakuwaambia wavumilie. Aliwaambia wachukue hatua. Mtu yuleyule aliandika sura zote mbili, kwa watu walewale, na anayesoma moja bila nyingine anamsikia Paulo nusu.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, hata kama mila fulani inaruhusu. Muswada ukirekodiwa Kenya au kwingineko, Dawati la Jinsia litajwe kwa jina la huduma iliyopo pale, na kamati ihakikishe kwamba huduma hiyo inafanya kazi kabla ya kuitaja. Kumwelekeza mtu aliye hatarini kwenye mlango uliofungwa ni kumwongezea hatari.

Jumla ni sekunde 135, yaani dakika mbili na robo. Inafaa kuonyeshwa katikati ya semina ya ndoa bila kula muda wa maswali, na inaingia ndani ya kikomo cha dakika tatu ambacho YouTube imeweka kwa video fupi tangu Oktoba 2024. Kama kuna shinikizo la kuifupisha zaidi, zipunguzwe kumbukumbu za Mama Neema kutoka tatu hadi mbili. Hela za matibabu zisiguswe, wala zile sekunde tatu.

Kabla ya kuirusha, ionyeshwe kwa wanandoa wachache ambao hawakushiriki kuitengeneza, ikiwezekana walio kwenye mafundisho ya ndoa pamoja na waliooana siku nyingi. Wasiulizwe kama wameipenda, kwa sababu kwa adabu watasema ndiyo. Waulizwe swali moja: Baba Neema alitaka kusema nini pale dukani? Wakijibu habari za hela za matibabu ya mama yake, muswada umeshika. Wakijibu tu kwamba ni mume mpole, au kwamba alikuwa amechoka, basi sentensi ile katika tukio la kwanza ilitamkwa haraka au ilimezwa na kelele. Hapo hakuna haja ya kuandika upya wala kuongeza maneno kwenye tafakari. Irekodiwe upya sentensi hiyo moja, mume akisimama karibu zaidi na meza, na iulizwe tena kwa wanandoa wengine.